Droni Imeangukia Gari la Mjomba: Nani Analipa?

Chukulia harusi ya Jumamosi alasiri huko Diani, kusini mwa Mombasa. Maharusi wamesimama kwenye mchanga mweupe, wageni wamejipanga nyuma yao, na mpiga picha ameirusha droni ili aipate ile picha inayotakiwa na kila familia siku hizi: bahari ya buluu, shela linalopepea, na watu wote wakitazama juu. Anairudisha droni nyuma polepole, macho yake yako kwenye skrini, haoni kuti la mnazi lililo mgongoni mwake. Propela inagusa kuti. Droni inaporomoka na kuangukia kioo cha mbele cha gari la mjomba wa bibi harusi, kisha kipande cha propela kinaruka na kumkata mgeni mmoja mkononi.

Tuweke hesabu, nazo ni za mfano tu. Kioo ni shilingi 60,000 za Kenya. Mgeni ameshonwa hospitalini kwa shilingi 40,000. Droni yenyewe, ambayo dukani inauzwa 220,000, haifai tena. Mjomba anamwendea mpiga picha na kumuuliza kwa upole wa mtu mzima: "Kijana wangu, mambo haya tunayamalizaje?"

Mpiga picha anajibu, akiwa na uhakika kabisa: "Msiwe na wasiwasi mjomba, droni yangu ina bima."

Huenda ni kweli ina bima, lakini jibu hilo halijatosha. Bima ya droni si kitu kimoja, na hata ile inayofaa hapa inaweza kukataa kulipa kwa sababu ambayo haihusiani na mnazi wala propela. Ili kuielewa, tuifuate ajali hii hatua kwa hatua.

Bima mbili, shida mbili

Mwenye gari anaijua tofauti hii tayari. Madereva wa Tanzania husema bima ndogo na bima kubwa. Ndogo hulipa madhara uliyowafanyia wengine, na kubwa huongeza hasara ya gari lako mwenyewe. Droni nayo ina sehemu hizo mbili, ila mara nyingi huuzwa kila moja kivyake, na mnunuzi asiyeuliza hujikuta na moja akidhani anazo zote.

Sehemu ya kwanza ni bima ya dhima, yaani ya madhara kwa watu wengine na mali zao. Katika mfano wetu, hiyo ndiyo inayohusika na kioo cha mjomba na mkono wa mgeni. Sehemu ya pili ni bima ya chombo, inayohusika na droni iliyovunjika. Mpiga picha mwenye bima ya chombo peke yake atalipwa droni, lakini mjomba na mgeni watamdai yeye binafsi. Mwenye bima ya dhima peke yake atasaidiwa kwa mjomba na mgeni, kisha ataanza kuweka akiba ya droni nyingine.

Kuna na kitu cha tatu ambacho wengi hukidhania bima. Ni mpango wa kubadilishiwa chombo unaouzwa na kiwanda, kama ule wa DJI Care Refresh. Mpango huo huweza kukupa droni nyingine kwa ada ndogo unapoivunja ya kwanza, na kwa kawaida unatakiwa urudishe mabaki. Ni msaada mzuri, lakini hautoi hata senti moja kwa aliyeumia. Tena hautolewi katika kila nchi, na kwa kawaida hununuliwa ndani ya saa 48 tangu droni iwashwe mara ya kwanza. Mpiga picha wetu aliposema "ina bima", huenda alikuwa na maana ya mpango huu. Kama ndivyo, mjomba hana lake hapo.

Dhima: madeni yasiyo na mpaka

Wanunuzi wengi huanza na bima ya chombo kwa sababu droni ndiyo wanayoiona na kuionea uchungu. Mwenye busara huanza upande wa pili. Hasara ya droni ina mpaka: ikipotea yote, umepoteza bei yake. Madhara kwa wengine hayana mpaka huo. Kifaa cha chini ya kilo moja kikianguka kutoka mita 50 kinaweza kumtoa mtu jicho, na jicho la mtu halina bei ya dukani.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa wakala wa bima liwe juu ya kikomo cha fidia: kampuni italipa hadi kiasi gani kwa tukio moja, na hadi kiasi gani kwa mwaka mzima? Uliza pia kama gharama za wakili zimo ndani ya kikomo hicho au ziko nje yake. Zikiwa ndani, kesi ndefu inaweza kula fedha zilizokuwa za majeruhi.

Swali la pili ni nani asiyehesabiwa kuwa "mtu mwingine". Msaidizi wako anayeshika droni inapotua kwa kawaida hahesabiwi, kwa kuwa mfanyakazi ana bima yake ya kazi. Watu wa nyumbani kwako mara nyingi hawahesabiwi. Na mali uliyokabidhiwa, kwa mfano droni uliyoazima kwa mwenzako au kamera ya mteja, kwa kawaida haimo. Kioo cha mjomba kimo, kwa sababu gari halikuwa mikononi mwako.

Swali la tatu linawahusu zaidi wale wanaorusha kwa kujifurahisha. Bima nyingine huandikwa kwa matumizi ya binafsi tu. Kijana anayependa droni akirusha shambani kwao siku ya Jumapili yumo ndani ya bima hiyo. Siku rafiki anapomwomba apige picha za harusi na kumpa shilingi 5,000 "za mafuta", amevuka mpaka na kuingia kwenye biashara. Fedha ni kidogo, lakini karatasi haiulizi ni kiasi gani. Inauliza kama ulilipwa. Kama unatarajia kulipwa hata mara moja kwa mwaka, sema hivyo kabla ya kusaini.

Turudi ufukweni, maana kosa kubwa la mpiga picha wetu bado halijatajwa. Baada ya kuona damu, alifanya linalofanywa na kila mtu mwenye malezi: aliomba radhi, akamwambia mgeni, "Gharama zote niachie mimi." Bima nyingi za dhima zina sharti linalokataza mwenye bima kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Ahadi ile ya adabu inaweza kumpa mkadiriaji sababu ya kusema kwamba umewafungia mlango wa kujitetea. "Pole sana" haina ubaya, wala kumpeleka majeruhi hospitali. Neno la malipo ndilo la kusubiri: "Naripoti sasa hivi kwa bima yangu, na nambari yao nakupa."

Chombo: thamani, upepo na bahari

Bima ya chombo huonekana rahisi mpaka siku ya madai. Kuna njia mbili za kuweka thamani. Ya kwanza ni thamani mliyokubaliana: mkiandika 220,000, droni ikiteketea hesabu inaanzia 220,000. Ya pili ni thamani ya sokoni siku ya ajali, na droni hushuka bei haraka kila toleo jipya linapotoka. Iliyonunuliwa 220,000 inaweza kuwa 130,000 baada ya miaka miwili, na hiyo ndiyo utakayolipwa.

Katika njia zote mbili kuna sehemu unayoibeba mwenyewe, ambayo mawakala huiita eksesi. Tuseme ni asilimia 10 ya dai. Kwa droni iliyoteketea ya 220,000, mpiga picha wetu anabeba 22,000 na kulipwa 198,000.

Wapo wanaojaribu kupunguza ada kwa kutaja thamani ndogo. Hapo kuna kanuni ya uwiano. Droni ya 220,000 ukiikatia bima ya 132,000, umekata bima ya asilimia 60 yake. Siku gimbali ikivunjika na matengenezo yakawa 80,000, kampuni yenye kanuni hiyo italipa asilimia 60 tu, yaani 48,000, kabla hata ya kutoa eksesi. Na usisahau kuorodhesha betri za akiba, kidhibiti na vichujio vya lenzi, maana kisichoandikwa kwa kawaida hakilipwi.

Hasara inayoleta ubishi zaidi pwani si ya kuvunjika, ni ya kupotea. Upepo una mkono wake humo. Wakati wa kusi, upepo hutoka kusini na kusini-mashariki, na juu ya minazi huwa mkali kuliko unavyouhisi ukiwa umesimama mchangani. Chukua droni ndogo inayoweza kwenda mita 12 kwa sekunde hewa ikiwa tulivu. Unairusha kufuata ufuo kuelekea kaskazini, upepo wa mita 9 kwa sekunde ukiwa mgongoni. Kilomita moja inaisha kwa dakika moja na nusu au chini ya hapo, nawe unaona betri bado imejaa. Kurudi, droni inapambana na upepo uleule, na mwendo wake juu ya ardhi ni mita 3 tu kwa sekunde. Kilomita ileile sasa inataka dakika tano na nusu, na mota zinakula umeme kuliko wakati wa kwenda. Hapo ndipo droni nyingi hushuka zenyewe mahali zilipofika, na kama chini ni maji, zimekwenda.

Je, bima hulipa? Inategemea neno moja kwenye karatasi. Bima nyingine hulipa hasara ya chombo kuanguka baharini, ikithibitishwa. Nyingine huondoa "kutoweka kusikoelezeka", maana yake ni kwamba droni imekwenda na huwezi kuonyesha ilikokwenda. Kinachogeuza kutoweka kuwa ajali inayoelezeka ni kumbukumbu za safari zinazobaki kwenye simu au kidhibiti. Humo kuna mahali, kimo, kasi, chaji ya betri na saa ya kila tukio. Kumbukumbu inayoonyesha betri ikishuka hadi sufuri mita 600 kutoka ufuoni ni ushahidi. Maneno "ilipotea tu" si ushahidi. Kwa hiyo, baada ya ajali usifute programu, usirudishe simu kwenye hali ya kiwandani, na uitoe nakala ya kumbukumbu siku hiyohiyo. Droni iliyookolewa kwenye maji ya chumvi usiiwashe "kujaribu kama inafanya kazi". Toa betri kama inatoka salama, na uyaache mabaki kwa mkadiriaji.

Wizi nao una masharti yake. Begi likiibwa ndani ya gari lililoachwa bila mtu, bima nyingi hutaka kuona alama za kuvunjwa na ripoti ya polisi. Gari lililoachwa wazi kwenye maegesho ya ukumbi ni dai lililokwisha kufa.

Duara lisiloonekana juu ya ufuo

Sasa tufike kwenye sababu inayoweza kufuta yote tuliyoyasema. Karibu kila bima ya droni ina sharti moja fupi: chombo kirushwe kwa kufuata sheria za anga, na mtu aliyeruhusiwa. Sharti hilo huichukua sheria yote ya nchi na kuiingiza ndani ya bima yako bila kuiandika.

Kenya ina kanuni za vyombo visivyo na rubani za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Droni husajiliwa. Anayefanya kazi kwa malipo huhitaji cheti cha uendeshaji, na bima ya madhara kwa wengine ni miongoni mwa anavyotakiwa kuonyesha. Bila idhini, hairuhusiwi kupita futi 400 juu ya ardhi, ambazo ni kama mita 120, wala kusogea chini ya mita 50 kutoka kwa watu, magari au majengo yasiyo chini ya usimamizi wako. Na hairuhusiwi kuruka ndani ya kilomita 10 kutoka viwanja vya ndege vikubwa, au kilomita 7 kutoka vile vidogo.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo mtego wa pwani. Chukua ramani, weka ncha ya bikari kwenye uwanja wa Ukunda, na uchore duara la kilomita 7. Sehemu kubwa ya ufuo wa Diani inaingia ndani. Fanya hivyo kwa uwanja wa Moi kule Mombasa kwa kilomita 10, na sehemu kubwa ya kisiwa inaingia. Uwanja wa Malindi uko pembeni mwa mji wenyewe. Uwanja wa Manda unatazamana na mji wa Lamu, ng'ambo ya mkondo. Nairobi ndiyo usiseme: kuna Jomo Kenyatta, Wilson na Eastleigh, na maduara yao yanakutana juu ya mji. Kwa maneno mengine, mahali ambapo watu hupenda kupigwa picha ndipo hasa ndege zinapotua, kwa kuwa hoteli na viwanja vilifuatana.

Ndani ya duara si kwamba haiwezekani kabisa. Inatakiwa idhini ya mamlaka, ikitaja mahali, tarehe, saa na kimo, na idhini hiyo haipatikani asubuhi ya harusi. Kuna pia ya mwenye mahali. Hoteli inaweza kukukubalia kurukia kwenye bustani yake, lakini haina mamlaka juu ya anga. Wapiga picha wengi huchanganya ruhusa hizo mbili: meneja akishasema "hakuna shida", wanaona kazi imekwisha.

Wengine huitegemea programu ya droni. Ikikubali kuruka, wanadhani pameruhusiwa. Ramani ya kiwanda si sheria ya nchi. Inaweza kukuachia mahali palipokatazwa, na kukuzuia mahali palipo huru. Kubonyeza kitufe cha kukubali onyo kwenye skrini hakuleti idhini. Kunachofanya ni kuandika kwenye kumbukumbu kwamba ulionywa, saa ngapi, ukaendelea.

Hapo ndipo ile kumbukumbu ya safari inapogeuka shahidi wa upande wa pili. Mkadiriaji anayeitazama ili ajue droni ilianguka vipi, ataona pia ilianzia wapi. Ataona kimo cha mita 150. Ataona kilomita tatu tu kutoka njia ya ndege. Hatakuwa na haja ya kubishana juu ya mnazi.

Nje ya Kenya masharti hubadilika, lakini mtego ni uleule. Tanzania, mrushaji anashughulika na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kibali cha upande wa ulinzi, na katika hifadhi za taifa hawezi kurusha bila ruhusa maalumu. Mswahili anayeishi Ujerumani atakuta bima ya dhima ni lazima hata kwa droni ndogo ya kujifurahisha, ilhali Marekani sheria ya shirikisho haimlazimishi. Anayesafiri na droni asome mstari wa bima unaotaja nchi. Bima ya Mombasa isiyoitaja Zanzibar haivuki bahari.

Harusi ileile, mara ya pili

Tuirudie Jumamosi yetu. Ajali ni ileile: kuti, kioo, mkono, droni. Kama mpiga picha alikuwa na mpango wa kiwanda tu, anadaiwa 100,000 na mjomba na mgeni, na labda anapata droni nyingine. Kama alikuwa na bima zote mbili bila idhini ya kuruka karibu na Ukunda, kampuni ina sababu ya kukataa madai yote, naye anabeba 320,000, ukiacha adhabu anayoweza kupewa na mamlaka. Kama alikuwa na bima zote mbili, idhini mkononi na umbali wa kisheria kutoka kwa wasiohusika, kampuni inamlipa mjomba na mgeni kwa masharti ya dhima, na yeye anapata 198,000 za droni.

Lakini hapo msomaji makini atauliza: mita 50, na gari lilikuwa chini ya minazi? Swali zuri. Hapo ndipo maneno "chini ya usimamizi wako" yanapopimwa. Wageni walioelezwa mapema, waliosimama mahali palipopangwa, na eneo lililofungwa kwa utepe, ni jambo moja. Watu waliokuwa wakipita ufukweni na magari yaliyoegeshwa popote ni jambo jingine, na bima ya kutegemea bahati haiuzwi. Mpangaji wa harusi aliyewaomba wageni waegeshe upande wa barabara angekuwa ameokoa kioo kile bila karatasi yoyote.

Kwa hiyo kazi ya mpiga picha huanza siku anapotoa bei. Kabla ya kukubali, anachora duara kwenye ramani. Pakiwa ndani, anaandika kwenye makubaliano kwamba picha za angani zitapigwa idhini ikipatikana, na kwamba isipopatikana zitatoka kwenye mkataba pamoja na bei yake. Ombi analituma wiki kadhaa kabla, na nakala ya idhini anamtumia wakala wa bima ili ikae kwenye faili kabla ya tukio. Baba wa bibi harusi akinung'unika, aonyeshwe hesabu ya kioo na mkono. Huenda asifurahi, lakini ataelewa kwa nini droni Jumamosi hiyo imebaki kwenye begi, na picha ya bahari imepigwa kutoka kwenye roshani ya hoteli.